Walipwe, ila walipwe kwa lipi?

"Habari yako, Mwalimu. Klabu yetu ya mjadala chuoni hapa Nairobi imepewa mada: 'Wenye ardhi wanaopakana na hifadhi walipwe ili waiache wazi kwa wanyamapori.' Mimi ndiye msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Wapinzani najua watasema afadhali Mbuga ya Nairobi izungushiwe ua pande zote, mambo yaishe. Nijenge hoja juu ya nini, na wapi watanibana?"

Watakubana kwenye neno "walipwe". Watu wengi wakilisikia huwaza fidia: simba ameua ng'ombe, serikali imlipe mwenye ng'ombe. Mada yako haisemi hivyo. Inasema mtu alipwe kabla ya hasara yoyote, kwa sababu tu ardhi yake iko wazi na mnyama anaweza kuipita. Hiyo ni kodi, sawa na kodi ya nyumba. Usipozitenganisha hizi mbili katika dakika yako ya kwanza, mpinzani atasimama aeleze jinsi madai ya fidia yanavyolala maofisini miaka nenda miaka rudi, ukumbi utaguna, nawe utajikuta unatetea kitu ambacho mada haikukutuma.

Ukishazitenganisha, usizunguke Kenya nzima. Kaa Kitengela, kusini tu mwa Mbuga ya Nairobi. Majaji wako wameshapita Barabara ya Mombasa na Langata, mbuga wameiona dirishani, na hapo ndipo kodi ya namna hii ilipojaribiwa kwa hesabu zinazoeleweka.

Anza na ramani. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu. Upande wa jiji ina ua. Upande wa kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, hauna ua, na ng'ambo ya mto ni Kaunti ya Kajiado, nyanda za Athi-Kaputiei, ardhi ya watu wenye hatimiliki. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Hudhani wanyama hukaa mbugani na "kutoroka" wakati wa njaa. Ukweli ni kwamba nyumbu na punda milia walikuwa wakitoka wakati wa mvua, nyasi zikiwa tele. Mvua ikinyesha, nyasi za mbugani hurefuka, na katika nyasi ndefu nyumbu hamwoni simba. Kule Kaputiei nyasi ni fupi kwa sababu ng'ombe na mbuzi wamezila, na udongo wake una madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Kwa hiyo wanazalia kule, kwenye malisho ya Mmaasai, kisha kiangazi kikikaza wanarudi mbugani kufuata maji ya mto na mabwawa. Mbuga ni kisima cha kiangazi. Nusu nyingine ya mwaka maisha yao yako kwenye shamba la mtu.

Hili lina maana moja kubwa kwa mjadala wako. Mfugaji wa Kitengela si mtu aliyeivamia mbuga. Mifugo yake ndiyo iliyotunza nyasi fupi zinazofuatwa na nyumbu. Ukilisema hilo mapema, mpinzani atapata shida kuwaonyesha wenyeji kama adui wa wanyama.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walizidi 25,000. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Ujangili wa nyama ulichangia, ndiyo, lakini kilichokata mguu wa msafara ule ni seng'enge. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa katika miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake na hatimiliki yake. Mwaka 1990 likaja eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River, wafanyakazi wakatafuta pa kulala, mji wa Kitengela ukavimba kando ya barabara ya Namanga, machimbo ya mawe yakafuata, na madalali nyuma yao. Mimi simlaumu aliyeuza. Hatimiliki ilimpa kwa mara ya kwanza kitu ambacho benki na hospitali wanakitambua.

Ndipo mwaka 2000 mpango wa kukodisha ardhi ukaanza, kwa kujaribu na familia mbili na eka 214, ukiendeshwa na marafiki wa mbuga wenye shirika lao. Masharti yalikuwa mepesi kuyaeleza hata barazani: usiweke ua, usilime, usichimbe mawe, usiruhusu uwindaji, wanyama wapite. Kuchunga ng'ombe ruksa, kama kawaida yako. Malipo yalikuwa shilingi 300 kwa eka kwa mwaka, katika mikupuo mitatu, na kila mkupuo ulipangwa uangukie mwanzo wa muhula wa shule. Baadaye, kati ya 2008 na 2012, kulikuwa na fedha za mfuko wa kimataifa wa mazingira kupitia Benki ya Dunia, na familia zilizoingia zikapita 300.

Nimekaa kwenye mikutano hiyo ya malipo. Meza ya mbao chini ya mgunga, orodha yenye majina na eka, watu wamekaa chini, wengine wamesimama na fimbo. Jina linaitwa kwa sauti, eka zinasomwa kwa sauti, kiasi kinasomwa kwa sauti, na mume na mke wanajongea pamoja. Huo usomaji wa hadharani haukuwa mapambo. Kila jirani alijua fulani amepokea kiasi gani kwa ardhi ipi, na ikiwa fulani huyo alikuwa ameweka nguzo za ua wiki iliyopita, mtu angekohoa. Nakumbuka mama mmoja aliyeshika barua ya shule ya bweni mkono wa kushoto wakati mkono wa kulia ukitia sahihi. Hakuzungumzia wanyama hata kidogo. Aliuliza tu kama hundi itaiva kabla ya Jumatatu.

Sasa fanya hesabu, maana majaji wanapenda hesabu wanayoweza kuifuata kichwani. Chukua familia yenye eka 60. Mara 300 ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 6,000 kila muhula. Mpinzani makini hatasubiri umalize. Atageuza hesabu hiyo upande mwingine: kipande cha hamsini kwa mia, kile kinachotangazwa kwenye kila ukuta wa Kitengela, ni futi za mraba 5,000. Eka moja inatoa vipande vinane. Gawanya 300 kwa nane. Uhifadhi unamlipa mwenye ardhi shilingi 37 na senti 50 kwa mwaka kwa kipande ambacho dalali yuko tayari kukinunua leo kwa malaki. Nani mwenye akili timamu atachagua 37.50?

Usibishane na hesabu hiyo. Ni sahihi. Ikubali kabla hajaisema, kisha uliza swali linaloivunja: je, watu wa Kitengela walikuwa wakiuza ardhi kwa sababu wamekokotoa faida, wakaona kuuza kunalipa? Baadhi ndiyo. Wengi niliowajua waliuza Januari. Waliuza kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, au mzee amelazwa na hospitali haimwachii mpaka bili iishe, na ng'ombe wamekonda hawana bei. Mtu wa namna hiyo hauzi eka 60. Anauza mbili au tatu, kwa dalali aliyekuja na pesa taslimu mfukoni, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Aliyenunua anaweka ua wiki inayofuata. Shilingi 6,000 haiwezi kushindana na bei ya ploti. Inaweza kushindana na ile dharura ya Januari, kwa sababu inafika wiki ileile. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo maana tarehe ya malipo ilikuwa na uzito kuliko kiasi chenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo kodi hufanya na ng'ombe hawezi. Ukame ukija, kama ule wa 2009 au ule uliokaza 2022, mfugaji hupoteza mifugo na bei ya iliyobaki kwa wakati mmoja. Eka hazikondi. Hela ya kodi inaingia mwaka wa mvua na mwaka wa vumbi, ikiwa anayelipa ana mahali pa kuitoa. Shikilia hapo kwenye "ikiwa", nitarudi.

Mpaka hapa una hoja nzuri. Mahali ambapo nafsi yangu husita ni hapa. Kodi hii hulipa eka moja moja, lakini nyumbu hapiti kwa eka, hupita kwa njia. Tuseme njia ya kutoka mtoni kwenda kusini inapita kwa majirani sita waliopakana. Watano wamekodisha, jumla eka 300, ripoti ya mwaka inapendeza. Wa sita, mwenye eka 20 katikati, ameuza, na mnunuzi amezungusha seng'enge. Zile eka 300 bado zinalipwa, masharti yote yametimizwa, na msafara umekatika. Pesa zimelipwa kwa ajili ya uwazi usiokwenda popote. Kwa hiyo mpango wa namna hii haupimwi kwa wingi wa eka wala wa familia. Unapimwa kwa ramani: je, mtu anaweza kuchora mstari kutoka mto hadi nyanda za kusini bila kugusa ua?

Na uwandani utaitambua njia iliyokatika bila ramani. Nenda wiki mbili baada ya mvua za kwanza. Penye njia hai, nyayo zinavuka mpaka wa shamba moja kwa moja. Penye ua mpya, nyayo zinafika kwenye waya, kisha zinapinda na kufuata waya, mia ya hatua, mia mbili, zimekanyaga udongo mpaka kumekuwa na kijia. Manyoya yamenasa kwenye miiba ya waya. Ukiona kijia cha namna hiyo sambamba na ua, umeiona pesa ya watu watano ikipotea kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kwenye mjadala usiseme "wenye ardhi wote walipwe sawasawa." Sema walioko kwenye njia walipwe zaidi, na yule wa katikati alipwe zaidi kuliko wote. Mpinzani atasema hiyo si haki. Ni kweli inaumiza kidogo, lakini kodi ya duka lililo kando ya stendi hailingani na ya lile la uchochoroni, na hakuna anayeandamana.

Haki yenyewe ina sehemu inayouma zaidi, na usipoitaja wewe wataitaja wao. Malipo kwa eka humpendelea mwenye eka nyingi. Mwenye 200 anapokea 60,000. Mwenye tano anapokea 1,500, na huenda ndiye anayeishi karibu na mto, mwenye mbuzi kumi na wawili tu, ambaye simba akiingia zizini usiku mmoja amemaliza utajiri wake wote. Mpangaji asiye na hatimiliki hapati kitu, ingawa fisi hamuulizi hati. Hapo, na hapo tu, ndipo fidia inapoingia kwenye hoja yako, kama nguzo ya pili inayoziba pengo ambalo kodi haiwezi kuliziba.

Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2013 iliweka viwango vinavyojulikana: shilingi milioni tano kwa kifo cha mtu, milioni tatu kwa jeraha la ulemavu wa kudumu, hadi milioni mbili kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao hulipwa kwa thamani yake. Dai huanzia kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ofisa anakuja kuthibitisha, kamati ya kaunti inalipitia, kisha linakwenda wizarani, na huko linasubiri hazina. Ndugu zetu wa Tanzania malipo ya namna hii huyaita kifuta jasho, na akifa mtu, kifuta machozi. Napenda ukweli wa maneno hayo. Hayaahidi kurudisha ulichopoteza.

Kuna kifungu katika sheria hiyo ambacho wanamjadala wengi hawakijui: mwenye mifugo hatalipwa ikiwa hakuchukua hatua za kutosha kuilinda, au ikiwa anatumia ardhi yake kinyume na mpango wa usimamizi wa eneo. Kwa maneno mengine, zizi bovu linaweza kulifuta dai lako.

Na hata zizi likiwa zuri, dai husimama au kuanguka kwa mzoga. Siku moja niliitwa asubuhi, mwenye ng'ombe akiwa na hakika kwamba ni simba. Ndama alikuwa amelala ubavu, tumbo limefunguliwa, miguu ya nyuma haipo. Ukiangalia kwa nje huwezi kusema lolote, maana kila mlaji aliyepita usiku ameacha alama yake. Ofisa akachuna ngozi ya shingo. Chini ya ngozi, pale kwenye koo, palikuwa na matundu mawili ya meno na nyama kuizunguka imevilia damu, nyeusi kama zambarau. Damu huvilia kwa mnyama aliye hai tu, moyo ukiwa bado unapiga. Ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa kisha akaliwa na fisi, ukimchuna utakuta matundu makavu, nyama iliyopauka. Simba hukaba koo au pua. Fisi huanza na ubavu na nyonga, anararua mnyama akiwa bado amesimama, na mifupa haiachi. Mbwa wa mjini, na Kitengela wako wengi, hung'ata miguu ya nyuma ya kondoo sita na kuwaacha bila kuwala. Mwenye mifugo aliyefukia mzoga kwa sababu ya harufu kabla ofisa hajafika amefukia na dai lake.

Ninakueleza haya kwa sababu mpinzani atasema fidia inakaribisha udanganyifu. Mjibu kwamba udanganyifu unapimika kwa kisu. Kinachoiua fidia ni muda. Mtu aliyepoteza mbuzi usiku huu anataka kujibiwa wiki hii, akiwa na hasira. Mnamo Juni 2012 simba sita walichomwa mikuki Kitengela asubuhi moja baada ya kuvamia mbuzi usiku. Hakuna fomu inayoweza kuingia kati ya usiku ule na asubuhi ile. Taa zinaweza. Richard Turere, kijana wa huko huko, akiwa mvulana wa miaka kumi na kitu, aliunganisha balbu za tochi na betri ya gari na paneli ya sola zikawaka kwa kupokezana kuzunguka zizi la baba yake, ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Taa hizo zimesambaa mbali. Zina kikomo: betri ikichoka na taa zikawaka tu bila kupepesa, simba huzizoea. Lakini usiku zinapofanya kazi, hakuna mzoga wa kuchuna.

Haya, ua. Hapa ndipo wapinzani watakapoweka nguvu zao, na usidharau. Ua wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400 na uliokamilika mwaka 2009, ni mfano mzuri kwao. Pale mkulima wa viazi na kabichi alipakana na msitu wa tembo, uzio ukafungwa, akalala. Kubali kwamba ulifaulu. Kisha uonyeshe tofauti: kule hapakuwa na kundi lililohitaji kutoka kila mwaka ili lizae, na shamba la kabichi haliwezi kukaa na tembo hata siku moja. Malisho ya ng'ombe yanaweza kukaa na punda milia, yamekaa nao karne na karne.

Mfano unaofanana zaidi na wetu ni Nakuru. Mbuga ya Ziwa Nakuru ilizungushiwa ua pande zote katika miaka ya 1980, hasa kwa ajili ya faru, na faru walinufaika kweli. Lakini tangu hapo idadi ya kila mnyama imekuwa kazi ya binadamu. Wakizidi lazima wahamishwe kwa malori, mwaka wa ukame hakuna pa kukimbilia. Nakuru ina ukubwa wa kilomita za mraba 188. Yetu ina 117. Ukifunga ule upande wa kusini hutakuwa umemaliza gharama, utakuwa umeihamisha: kutoka kumlipa mfugaji kwenda kulipa dizeli, dawa za usingizi, madaktari wa mifugo, na nyasi zilizorefuka zinazohitaji kukatwa kwa trekta kwa sababu hakuna ng'ombe wala nyumbu wa kuzila. Mwombe mpinzani aseme nani atalipa hayo, na kwa miaka mingapi. Mara nyingi hajajiandaa.

Ila naye atakuuliza swali hilohilo, na ndiyo ile "ikiwa" niliyokuachia. Nani analipa kodi? Pesa ya mradi ina tarehe ya kufa. Mfadhili mmoja niliyefanya kazi chini yake alichelewesha mkupuo wa Mei. Ulifika Septemba, pamoja na visingizio. Katika miezi ile minne familia mbili kwenye njia zilisimamisha nguzo, na nguzo ikishasimama haing'oki kwa hundi iliyochelewa. Upande wa Mara, makampuni ya kambi za watalii ndiyo hulipa wenye ardhi, kwa kiwango kinachoishinda Kitengela mbali sana, na mfumo ule umefufua maeneo makubwa. Lakini mwaka 2020 ndege zilipoacha kuruka na watalii wakabaki kwao, malipo mengi yalipunguzwa. Ukame hauikondeshi eka, sawa. Janga la afya lililoanza bara lingine liliikondesha.

Kitengela haina kambi za kifahari za kutosha kubeba mzigo huo, lakini ina kitu ambacho Mara haina: iko mlangoni pa jiji. Pesa ya kiingilio inayokusanywa kwenye lango la Langata huingia kwenye mfuko wa taifa, ilhali mtu ambaye nyanda zake huwalea ndama wa nyumbu kila mwaka halipwi moja kwa moja kutoka pesa hiyo. Pendekezo langu kwa timu yako ni hilo: fungu maalumu la kiingilio cha mbuga hii, lilipwe moja kwa moja kwa wenye ardhi walio kwenye njia, tarehe zikifuata kalenda ya shule, orodha ikisomwa barazani. Halitatosha kila eka. Halihitaji kutosha kila eka, kwa sababu ardhi iliyokaribiana na mji wa Kitengela imekwisha kuuzwa na huna haja ya kuitetea. Sema hivyo waziwazi. Tetea ile iliyobaki kusini na magharibi, na utaje idadi ya majirani badala ya idadi ya eka.

Ukipata Jumamosi kabla ya mjadala, panda matatu hadi Rongai, uchukue bodaboda uelekee Tuala, ushuke karibu na mto. Ng'ambo ni mbuga. Tembea nyuma yako kuelekea kusini kwa nusu saa na uhesabu mara ngapi umelazimika kuinama kupita chini ya waya. Namba hiyo uiingize kwenye sentensi yako ya kwanza.